Namna ya kuwaita wapangaji kikaoni kuhusu gharama ya mlinzi

Miezi michache iliyopita jirani yangu hapa Kimara, mwenye nyumba kama mimi, alinijia na tangazo, akaniomba nilisome kabla hajalibandika getini. Lilikuwa na mstari mmoja tu: "Wapangaji wote mnatakiwa kikaoni Jumapili. Ajenda ni ulinzi. Kuhudhuria ni lazima." Nikamsihi asilibandike. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika la namna hiyo baada ya vibaka kung'oa pampu yangu ya maji. Watu walikuja wamenuna, wakijua kodi inapanda. Tulianza saa 10 jioni, isha ikaadhiniwa tukiwa bado tunabishana, tukatawanyika bila kukubaliana lolote. Kwa hiyo nilikaa na jirani barazani kwake jioni nzima tukaanza upya, na haya ndiyo tuliyoyafanya.

Hatua ya 1: Soma mkataba wako wa upangaji

Mikataba yetu mingi inataja kodi, LUKU, maji na taka. Mlinzi hayumo. Mpangaji aliyekwisha kulipa miezi sita huwezi kumwongezea mchango katikati ya mkataba kwa amri, unaweza kumwomba akubali. Ndiyo maana unaita kikao badala ya kutoa agizo, na hilo ligeuze lugha yako yote kuanzia kwenye mwaliko. Mpangaji mpya ni suala jingine: kwake unaliandika kwenye mkataba kabla hajaingiza godoro.

Hatua ya 2: Piga hesabu kamili kabla ya kumwita mtu yeyote

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza, na hapa ndipo jioni yetu yote ilipoishia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kosa la kawaida ni kusema "mlinzi ni laki mbili na kidogo, tugawane". Mlinzi mmoja hakai usiku saba kwa wiki. Mlinzi wangu wa kwanza nilimweka kila usiku, jioni mpaka asubuhi. Wiki ya tatu mpangaji aliyerudi saa 8 usiku alimkuta amelala kwenye kiti, tochi imeanguka miguuni pake na bado inawaka. Nilimfukuza kwa hasira, na leo najua kosa lilikuwa langu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki, na inataka nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa inayofanywa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Ukiyaacha hayo nje ya hesabu, yatarudi mwezi wa pili kama deni, nawe utalazimika kuwarudia wapangaji kuomba nyongeza. Hapo hakuna atakayekuamini tena.

Kwa jirani tulipanga zamu ya saa 4 usiku hadi saa 11 na nusu alfajiri. Hizo ni saa saba na nusu, na kwa usiku sita zinatimia 45. Usiku wa saba, Jumapili, anakuja mtu wa deiwaka. Hesabu ya mwezi ikawa hivi: mshahara 240,000, nyongeza ya usiku 12,000, mchango wa mwajiri wa NSSF asilimia 10 ambao ni 25,200, na deiwaka usiku tano kwa 12,000, yaani 60,000. Tukaweka 12,800 za betri za tochi, chai na koti la mvua. Jumla ni 350,000. Mshahara usiunakili kwangu tu, ulinganishe na amri ya kima cha chini inayotumika wakati unapoajiri, maana hubadilishwa. Na deiwaka ihesabie usiku tano hata kama miezi mingi ina Jumapili nne. Kinachobaki kiandike daftarini kama akiba.

Sasa kugawana. Jirani ana milango 10: nyumba sita za vyumba viwili na sebule, kodi 300,000 kwa mwezi, na vyumba vinne vya masta, kodi 150,000. Wazo lake la kwanza lilikuwa kugawa kwa idadi ya watu. Usifanye hivyo kamwe. Utajikuta unahesabu watoto wa watu, unauliza shemeji aliyekuja kutibiwa ataondoka lini, na kila mwezi hesabu inabadilika. Wazo la pili lilikuwa kila mlango sawa. Ni rahisi, ila wa chumba kimoja anaumia, maana kiasi kilekile kwake ni mara mbili ya uzito ukilinganisha na kodi yake. Tulichokichagua ni mafungu: chumba cha masta fungu moja, nyumba ya vyumba viwili mafungu mawili. Jumla mafungu 16.

Kabla ya kugawa, toa sehemu yako wewe mwenye nyumba. Mlinzi analinda pia pampu yako, tangi, mita na bati lako, na mpangaji analijua hilo vizuri kuliko unavyodhani. Jirani alikubali kutoa 110,000, karibu theluthi. Zikabaki 240,000, na kila fungu likawa 15,000. Wa masta analipa 15,000, wa nyumba kubwa 30,000, na kwa wote hiyo ni asilimia 10 ya kodi.

Bado kuna mlango mtupu. Mpangaji akihama, fungu lake analibeba nani? Liwe lako, na useme hivyo mapema. Wakisikia kwamba jirani yao akihama mzigo wake unawaangukia waliobaki, kikao kimeisha. Nyumba moja kubwa ikiwa tupu, jirani yangu anatoa 140,000 mwezi huo. Kama hilo huliwezi, basi mlinzi wa usiku sita humuwezi kwa sasa. Fikiria taa za ukutani na kufuli zuri la geti, au ongea na mwenye nyumba wa pembeni mchukue mlinzi mmoja.

Jambo la mwisho katika hesabu: mlinzi analipwa mwisho wa mwezi, wapangaji wamelipa au hawajalipa. Weka pembeni mshahara wa mwezi mmoja kabla hujamwita hata kwa majaribio.

Hatua ya 3: Pita mlango kwa mlango

Kundi la WhatsApp silipendi kwa kazi hii. Mmoja akiandika "tumeanza tena", wengine sita wanaweka emoji, na msimamo umeshaundwa kabla hujafungua mdomo. Pita jioni mbili, dakika tano kila mlango. Usiombe kura. Uliza tu: "Unarudi saa ngapi usiku? Umewahi kupotelewa na kitu hapa?" Kwa jirani yangu tuligundua kwamba kijana wa bodaboda alikuwa analipa 1,000 kila usiku kulaza pikipiki yake kwenye uwanja wenye mlinzi. Hiyo ni 30,000 kwa mwezi, wakati fungu lake lingekuwa 15,000. Muuguzi wa nyumba ya tatu naye alikuwa na wasiwasi mwingine kabisa: anatoka zamu usiku na anasimama getini gizani akitafuta ufunguo. Watu hawa wawili ndio waliozungumza kikaoni, si mwenye nyumba.

Pita pia kwa mjumbe. Wapangaji wengi tayari wanachangia ulinzi shirikishi wa mtaa, na watauliza kwa nini walipe mara mbili. Ujue wanatoa kiasi gani na doria inapita njia ipi. Kwa jirani, doria ilikuwa inapita barabara kubwa tu, uchochoro wa nyuma haifiki.

Hatua ya 4: Andika mwaliko

Uandike kwa mkono unaosomeka au uuchapishe, ubandike getini siku saba kabla, kisha nakala ipenye chini ya kila mlango. Jumapili saa 10 jioni inafaa: waliokwenda ibadani wamerudi, na magharibi bado. Epuka wiki ya mwisho wa mwezi, kila mtu ana madeni kichwani. Wa jirani ulisomeka hivi:

"Ndugu wapangaji wenzetu, salaam. Kutokana na wizi uliotokea mara tatu hapa kwetu, naomba tukutane Jumapili saa 10 jioni, uwani, kwa muda usiozidi saa moja. Ninaleta pendekezo la kuweka mlinzi wa usiku. Gharama yote kwa mwezi ni 350,000. Mimi nitatoa 110,000 pamoja na sehemu ya mlango wowote usio na mpangaji. Pendekezo kwa chumba cha masta ni 15,000, kwa nyumba ya vyumba viwili ni 30,000. Mchanganuo uko nyuma ya karatasi hii. Kodi haibadiliki. Hakuna kitakachoanza kabla hatujakubaliana. Asiyeweza kuja anaweza kunipa maoni yake au kumtuma mtu. Wenu, mwenye nyumba."

Sentensi mbili usizifute: "Kodi haibadiliki" na "Hakuna kitakachoanza kabla hatujakubaliana". Kiasi nacho kiwepo. Ukikificha, watu watabuni chao, na watakachobuni kitakuwa kikubwa kuliko chako.

Hatua ya 5: Kikao

Viti, maji ya kunywa, na mpangaji mmoja aandike. Soma mchanganuo, kisha nyamaza.

Maswali mawili hayakosi. "Mama, mimi sina cha kuibiwa." Usibishane naye. Kama anakataa kabisa, uliza wengine kama fungu lake ulibebe wewe mpaka mkataba wake uishe. Kwa jirani alikuwa mmoja, na itamgharimu 15,000 kila mwezi kwa miezi minne. La pili ni "Mlinzi akiiba, nani analipa?" Hapa usiahidi fidia. Sema unachoweza kukifanya: kuchukua nakala ya kitambulisho chake cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa anakotoka, na wadhamini wawili ambao utawatembelea makwao.

Wakikubali, omba miezi mitatu ya majaribio, usiombe milele.

Hatua ya 6: Karatasi

Muhtasari wa ukurasa mmoja, kila mlango jina na sahihi: kiasi, tarehe ya kulipa, muda wa majaribio, nani anabeba mlango mtupu. Mkataba wa mlinzi uwe kati yako na yeye, kwa maandishi, ili asiwe na mabosi 11 wanaomtuma sigara. Fedha zipokelewe kwa namba ya simu isiyochanganywa na kodi, na kila tarehe 5 bandika ukutani karatasi ya waliolipa na kilichotumika. Kwa jirani mwezi wa kwanza ulikuwa na Jumapili nne, zikabaki 12,000 za deiwaka. Ameziandika juu kabisa ya karatasi ya mwezi wa pili, na Jumapili hii wapangaji wataamua kama zinunue taa ya uchochoro wa nyuma.