Somo: plastiki ya PLA inaziba juu ya shingo baada ya nusu saa ya kazi

Printa ya 3D inaanza vizuri na tabaka za kwanza zinalala safi. Nusu saa baadaye ekstruda inaanza kugonga, plastiki inatoka nyembamba, na mwishowe nozeli inatembea bila kutoa kitu. Ukiizima ikapoa, inafanya kazi tena kwa muda, kisha mambo yanakuwa yale yale. Nozeli yenye uchafu haifanyi hivi, kwani husumbua tangu mwanzo. Hapa joto limepanda kutoka kwenye bloku ya moto hadi upande wa baridi, na filamenti, yaani ule uzi wa plastiki, imelainika mahali ilipotakiwa kubaki ngumu.

PLA hulainika karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Kati ya bloku yenye nyuzi 205 na mapezi ya alumini kuna shingo nyembamba ya chuma, ambayo mafundi wengi huiita hitibreki. Kazi yake ni kupitisha joto kidogo iwezekanavyo, na kile kidogo kinachopita kinapokewa na mapezi, kisha feni inakipeperusha. Lakini feni haiwezi kuyapoza mapezi yakawa baridi kuliko hewa ya chumba. Mapezi hukaa juu ya hewa kwa tofauti fulani, na hewa ikipanda nyuzi 10, nayo hupanda takriban 10. Ndiyo maana feni dhaifu inayovumilika Limuru inaziba printa hapa Mombasa wakati wa kaskazi, hasa kwenye chumba cha mabati.

Hatua ya 1: thibitisha ugonjwa

Pasha moto, vuta filamenti yote nje, utazame ncha. Filamenti ni milimita 1.75 na tundu ni kama 2. Ukiona sehemu iliyovimba ikajaa upana wa tundu, juu kidogo ya ncha iliyoyeyuka, basi ilikwama kwenye shingo. Kisha rudisha filamenti, inua nozeli mbali na meza, na utume amri hizi:

```
M83
M109 S205
G1 E50 F60
G4 S900
G1 E50 F60
```

Printa itasukuma milimita 50, itasubiri dakika 15 ikiwa moto, kisha itasukuma tena. Mara ya kwanza ikipita laini na ya pili ikagonga, umepata jibu.

Hatua ya 2: pima mapezi kabla ya kununua chochote

Hii ndiyo hatua ninayoomba msiiruke. Chukua multimita yenye waya wa kupimia joto, ubandike ncha yake kwenye pezi la chini kabisa kwa utepe unaostahimili joto. Bunduki ya miale ya kupimia joto hudanganya kwenye alumini inayong'aa, kwa hiyo ukiitumia bandika kwanza utepe mweusi. Acha printa ifanye kazi nusu saa, kisha usome joto la pezi na joto la hewa inayoingia kwenye feni. Kinachosema ukweli ni tofauti kati yake.

Mapezi yakiwa moto sana kuliko hewa, kosa liko upande wa feni. Mapezi yakiwa baridi na bado inaziba, kosa liko mahali shingo inapogusana na mapezi, kwa sababu joto limebaki shingoni na halikufika mahali pa kupozwa. Mtu asiyepima hununua feni kubwa zaidi na zaidi, na tatizo linabaki.

Chukueni printa ya jirani mmoja wa Bamburi, Ender 3 iliyokuwa ndani ya kasha, ikichapa vishikio vidogo vya funguo. Chumba kilikuwa nyuzi 32, hewa ndani ya kasha 43, na pezi la chini 61. Tofauti ya 18, juu ya hewa ambayo tayari ilikuwa moto. Tulifungua mlango wa kasha na kubadilisha feni, ambayo ilikuwa imejaa vumbi na mhimili wake ulikwaruza. Pezi likashuka hadi 42. Kazi fupi zikaanza kumalizika, lakini ndefu ziliendelea kuziba. Mapezi baridi, filamenti imevimba: tukajua twende kwenye shingo.

Kwenye feni yenyewe angalia mambo mawili. Hewa ya bahari hula viunganishi vya waya, na feni inaweza kuzunguka ikiwa na nguvu pungufu, kwa hiyo pima volti pale pale kwenye feni inapozunguka na ulinganishe na zilizoandikwa juu yake. Pili, tuma `M107`. Amri hiyo inazima feni ya kupoza kazi tu. Ikizima ile ya mapezi badala yake, nyaya zimebadilishana.

Hatua ya 3: fungua shingo

Toa filamenti, zima, acha ipoe, kisha tenganisha bloku na mapezi. Shingo nyingine hufungwa kwa hesi, nyingine ni laini na hubanwa na skrubu ndogo ubavuni. Ya Bamburi ilikuwa laini, skrubu imelegea, na shingo ilicheza ndani ya tundu. Hewa katikati ya vyuma viwili ni kizuizi kikubwa cha joto.

Safisha, kisha paka pesti ya prosesa ya kompyuta, utando mwembamba tu, kwenye sehemu ya shingo inayoingia kwenye mapezi. Usipake upande wa bloku, na usiruhusu hata tone kuingia kwenye tundu la filamenti. Kaza skrubu. Baada ya hapo pezi lilipanda kidogo, hadi 44, na hiyo ilikuwa habari njema: joto lililokuwa likikwama shingoni sasa lilikuwa linafika kwenye mapezi. Kuziba kukakoma.

Maswali ya wanachama

*Fundi, niliweka shingo ya chuma kitupu isiyo na tyubu ya tefloni ndani, na sasa inaziba kuliko mwanzo. Nimekosea wapi? (Likoni)*

Angalia ritrakshoni kwanza, ndugu yangu, yaani umbali ambao filamenti huvutwa nyuma. Mpangilio wa printa yenye tyubu ndefu huwa milimita 5 au 6. Kila ikirudi nyuma, inavuta plastiki laini hadi sehemu ya baridi, ambako inashika ukuta wa chuma. Tefloni huteleza, chuma hakitelezi. Shusha hadi 2, uongeze kidogo kidogo ukiona nyuzi nyingi za plastiki kwenye kazi. Kazi ndogo ndogo zenye miruko mingi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu filamenti mpya yenye ubaridi inaingia polepole mno.

*Mbona PETG haizibi kwenye kasha lile lile? (Mtwapa)*

PETG hulainika karibu nyuzi 80, kwa hiyo una nafasi ya kama nyuzi 20 zaidi kuliko PLA. Funga kasha kwa ABS. Kwa PLA acha mlango wazi.

*Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi printa inaziba hata kama feni ni mpya. Nifanyeje, kaka? (Changamwe)*

Feni imesimama huku bloku bado ina moto, kwa hiyo joto linapanda shingoni. Usikubali printa iendelee mara moja pale ilipoishia. Pasha moto, ngoja mpaka filamenti ikubali kutoka bila kulazimishwa, ivute yote, kata ile sehemu iliyovimba, ingiza upya, usukume kidogo kwa mkono uone inatoka sawa. Hapo ndipo ubonyeze kuendelea.