Mtoa dawa anayetaka kusomea ufamasia: mambo ya kuzingatia kabla ya kulipa ada

Watoa dawa wengi wa Masasi, Newala na Tandahimba hupanga kwenda chuo korosho zikishauzwa na malipo ya mnada yakiingia, kwa hiyo ninaandika haya yasomwe kabla fedha hiyo haijatoka mkononi. Jambo la kwanza ni kujua unaelekea daraja lipi, kwa sababu Baraza la Famasi, kwa mujibu wa Sheria ya Famasi, lina daftari tofauti kwa kila daraja: mfamasia husajiliwa, fundi dawa sanifu huandikishwa, na fundi dawa msaidizi huorodheshwa. Tofauti hiyo huonekana kazini, kwani fundi dawa sanifu hutoa dawa katika famasi chini ya usimamizi wa mfamasia, na hata akiwa na uzoefu wa miaka mingi hawezi kuwa mfamasia msimamizi wa famasi hiyo. Mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, naye, kazi yake inaishia kwenye dawa zilizoruhusiwa katika duka la aina hiyo.

Mafunzo ya wiki chache yaliyowaingiza wengi wetu nyuma ya kaunta hayana ngazi ya NTA, yaani mfumo wa taifa wa tuzo za ufundi, na miaka uliyofanya kazi haipunguzi miaka ya masomo. Unaanza ngazi ya 4 kama kijana aliyemaliza shule juzi, kisha unafuata ngazi ya 5, na ya 6 ndiyo stashahada ya Sayansi ya Famasi; jumla ni miaka 3. Ili uingie, unatakiwa kuwa na ufaulu wa angalau D katika masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, Kemia na Baiolojia yakiwemo.

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na jambo hili linaniuma kwa sababu lingeweza kuonekana siku ya kwanza. Dada mmoja wa Newala aliniletea cheti chake kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaniomba nimhakikishie kwamba anafaa kujiunga na chuo. Alikuwa na C ya Baiolojia, D za Kemia, Kiingereza na Uraia, C ya Kiswahili, na F za Fizikia na Hisabati. Kwa stashahada alikuwa amefuzu bila shaka yoyote. Nilipomuuliza anataka kufika wapi, akasema anataka famasi yake mwenyewe, akiwa yeye ndiye mfamasia wake. Basi ilibidi tukisome cheti kilekile upya kwa macho ya chuo kikuu, kwa kuwa mwenye stashahada anayeomba Shahada ya Famasi huhitaji wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na pamoja na hayo awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Angeweza kumaliza stashahada kwa GPA ya 3.8 na bado akazuiwa na F mbili za zamani.

Tulikubaliana arudie Fizikia na Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka na mtihani huwa Novemba, hivyo anayengoja fedha za msimu wa korosho ndipo aanze kuulizia huwa amekwisha kuchelewa kwa mwaka huo. Fizikia ina karatasi ya vitendo; kabla ya kujisajili, uliza kituo kina maabara gani na mazoezi yatafanyika lini.

Kagua pia majina. Kama cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA havifanani, hata kwa herufi moja, shughulikia kiapo au hati ya kubadili jina sasa, kwa maana tofauti hiyo itakufuata chuoni na hadi Barazani. Kuhusu chuo, usiridhike kuambiwa kwamba kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Hakikisha ithibati yake inataja programu ya Sayansi ya Famasi yenyewe. Ukimaliza, omba namba ya AVN kutoka NACTVET, maana vyuo vikuu huitumia kuthibitisha stashahada yako. Uandikishwaji wa Baraza nao hauji wenyewe pamoja na cheti cha chuo: unauomba, na mpaka jina lako liingie daftarini hujawa fundi dawa sanifu wa kufanya kazi kwa cheo hicho.

Kwa hesabu ya muda, ukitoka stashahada ya miaka 3 kuna shahada ya miaka 4, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo kabla ya usajili kamili wa mfamasia, yaani miaka 8 hata usipopoteza msimu mmoja. Mweleze mwenye duka mapema, kwa kuwa duka la dawa muhimu haliruhusiwi kubaki bila mtoa dawa aliyefuzu, na kumpata mwingine huku vijijini huchukua muda.