Tukio moja, kesi mbili: jinsi ya kutofautisha jinai na madai

Mzee mmoja aliniwekea nakala ya hukumu mezani akasema, "Wakili, nimeshindwa kesi yangu." Nilisoma mara mbili. Yeye alikuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka. Aliyemvunja mkono ndiye aliyeachiwa huru. Nikamwambia, "Mzee wangu, hii haikuwa kesi yako. Yako bado hujaifungua."

Nawaona wengi wa namna yake, tena wengine wakiwa wamechelewa. Ukiwa umeumizwa au umedhulumiwa, nenda hivi.

Hatua ya 1: Soma majina juu ya karatasi. Upande mmoja ukiwa ni dola (Jamhuri, Serikali, Mfalme, kutegemea nchi) na ndiyo inayomshtaki mtu, hiyo kwa kawaida ni jinai. Anayeiendesha ni mwendesha mashtaka, na wewe ni mlalamikaji tu, yaani shahidi. Ndiyo maana ukienda kusema umemsamehe mshtakiwa, kesi haifi papo hapo. Uamuzi wa kuiondoa si wako. Ukikuta majina ya watu au kampuni, mdai dhidi ya mdaiwa, kwa kawaida hayo ni madai. Hapo mdai ndiye anayefungua, anayegharamia, na anaweza kupatana na mwenzake wakati wowote.

Hatua ya 2: Pima ushahidi wako kwa mizani sahihi. Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo nitachukua kesi inayojulikana duniani. Juni 1994, Nicole Brown Simpson na Ronald Goldman waliuawa Los Angeles. Dola ya Kalifonia ilimshtaki O. J. Simpson, aliyekuwa mume wa Nicole. Tarehe 3 Oktoba 1995 baraza la wazee wa mahakama lilisema hana hatia. Familia za marehemu nazo zilikuwa zimefungua madai kuhusu vifo vilevile, na Februari 1997 baraza lingine likaona kuwa anawajibika. Jumla ya fidia ilifika dola milioni 33.5.

Je, mahakama zilipingana? Hapana. Kwenye jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe pasipo kuacha shaka la msingi. Likibaki shaka moja lenye mantiki, mshtakiwa anaachiwa, hata kama wanaosikiliza wanahisi pengine alitenda. Kwenye madai inatosha kuonyesha kuwa maelezo yako yana uwezekano mkubwa kuliko ya mwenzako. Mizani ikiinama kidogo tu upande wako, umeshinda. Basi "hana hatia" maana yake ni kwamba haikuthibitishwa kwa kiwango kile kikubwa. Haimaanishi kwamba imethibitishwa hakufanya.

Kuna na tofauti ya pili. Kwenye jinai Simpson hakutoa ushahidi wake, na hiyo ni haki ya mshtakiwa. Kwenye madai alilazimika kujibu maswali ya mawakili wa familia. Picha zake akiwa amevaa viatu vya aina iliyoacha alama mahali pa mauaji nazo zilitumika katika kesi ya pili, si ya kwanza.

Hatua ya 3: Jiulize unataka nini. Ukitaka afungwe, nenda polisi. Hakuna hukumu ya fidia itakayompeleka mtu jela kwa mauaji. Ukitaka gharama za hospitali na mishahara uliyokosa, fungua madai. Faini ya jinai huenda serikalini, haiji mfukoni mwako, ingawa katika nchi nyingi hakimu anaweza kuagiza mshtakiwa akulipe kitu. Nchini Ufaransa na kwingine kwenye mfumo kama wake, unaweza kuungana na kesi ya jinai yenyewe ukadai humo humo.

Kabla ya kufungua, chunguza mali za mdaiwa. Hukumu ni karatasi mpaka ikaziwe, yaani mpaka mdaiwa alazimishwe kulipa. Sehemu kubwa ya zile milioni 33.5 haikulipwa, pensheni ya Simpson, kwa mfano, ililindwa na sheria isiguswe na wadai.

Hatua ya 4: Angalia saa. Madai yana ukomo wa muda, na mara nyingi muda huo huanza kuhesabiwa siku ya tukio, si siku ya hukumu ya jinai. Mzee wangu alikuwa amesubiri jinai iishe. Tulipohesabu kwenye kalenda, zilibaki wiki tatu. Usiku ule tuliandika hati ya madai: tarehe ya tukio, jeraha, risiti za hospitali moja moja, barua ya mwajiri. Ripoti ya daktari iliyokuwa kwenye jalada la jinai tukaomba nakala yake iliyothibitishwa, maana daktari yuleyule ndiye angekuja kuwa shahidi wetu.