Kuongeza nguvu ya bimu kwa kaboni: bamba nene au shiti nyembamba?

Tangu ofisi za serikali zihamie Dodoma, baadhi ya majengo ya ghorofa yamegeuzwa ofisi, na chumba kilichojengwa kwa mzigo mdogo kinajazwa makabati ya majalada. Tuchukue bimu moja ya namna hiyo, tuiongezee nguvu kwa kubandika nyuzi za kaboni chini yake kwa gundi ya epoksi, tukokotoe kwa kanuni za ACI 440.2R, mwongozo wa Marekani wa kazi hiyo.

Hatua ya 1: Jua bimu ina nini sasa

Upana ni milimita 250, kimo 500, na nondo tatu za milimita 16 ziko 450 kutoka juu. Usiamini mchoro pekee. Bandua zege kidogo uione nondo kwa macho, na zege lenyewe lipimwe. Hapa zege ni MPa 20 na nondo ni za MPa 460.

Nondo zinavuta 603 × 460 = kN 277. Ili kusawazisha mvuto huo, eneo la zege linalobanwa huku juu huwa na kina cha milimita 65. Momenti ni 277 × (0.450 − 0.033), ambapo 0.033 ni nusu ya kina hicho kwa mita, karibu kNm 116. Ukizidisha kwa 0.9 ya usalama unabaki na 104.

Uzito wa kudumu unaleta kNm 35, na majalada yataleta 50. Mahitaji ni 1.2 × 35 + 1.6 × 50 = 122. Tumepungukiwa 18.

Hatua ya 2: Tafuta mahali kaboni itakapobanduka

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Mtu husoma kwenye karatasi ya muuzaji nguvu ya kukatika kwa kaboni, anaizidisha kwa eneo, na bimu inaonekana imepata nguvu maradufu. Kaboni iliyobandikwa chini ya bimu mara nyingi haifiki kukatika. Hubanduka kabla, ikiwa na tabaka jembamba la zege mgongoni. Kwa hiyo kikomo ni mnyumbuko wa kubanduka, yaani kiasi kaboni inachorefuka kwa kila milimita ya urefu wake:

```
e_fd = 0.41 * sqrt(fc / (n * Ef * tf))
```

`fc` ni nguvu ya zege, `n` idadi ya tabaka, `Ef` ugumu wa kaboni na `tf` unene wa tabaka moja. Jibu lisizidi 0.9 ya mnyumbuko wa kukatika. Unene uko chini ya mstari: kadiri kaboni inavyokuwa nene, ndivyo inavyobanduka mapema.

Hatua ya 3: Linganisha mbili

Bamba la upana wa 80 na unene wa 1.2, lenye `Ef` ya MPa 165,000, linabanduka kwenye 0.0041. Mkazo ni MPa 680, mvuto kN 65. Kina cha zege linalobanwa kinakuwa milimita 81. Nondo zinatoa kNm 114. Mchango wa kaboni tunaupunguza kwa 0.85, ukawa 0.85 × 65 × 0.46, karibu 25. Jumla 139.

Lakini usikimbilie 0.9. Bamba linabanduka nondo zikiwa na mnyumbuko wa 0.0043 tu, pungufu ya 0.005 inayotakiwa ili bimu itoe onyo kwa kupinda, hivyo kipunguzo kinashuka hadi 0.84. (Nimejumlisha 0.00085 ambayo tumbo la bimu lilikuwa nayo tayari kwa uzito wake siku ya kubandika.) Tunapata 117. Haitoshi.

Sasa shiti: tabaka moja, upana 200, unene 0.167, `Ef` 230,000. Inabanduka kwenye 0.0094, mvuto kN 72. Kaboni yenyewe ni theluthi moja tu ya ile ya bamba, lakini mvuto umezidi, na nondo zinanyumbuka vya kutosha kutumia 0.9. Jumla ni 141, na baada ya kipunguzo 127. Inatosha. Mimi ningechagua shiti bila kusita.

Hatua ya 4: Je, kaboni ikitoweka?

Epoksi hulainika kwa moto. Kwa kuwa majalada hukaa hapo muda wote, bimu ya zamani peke yake lazima ibebe 1.1 × 35 + 1.0 × 50, karibu 89. Ina 104, inapita. Isingepita, kazi hii isingefaa kabisa. Kagua pia nguvu ya kukatwa karibu na nguzo, maana shiti ya tumboni haiongezi kitu huko.

Hatua ya 5: Kubandika

Toa plasta yote, saga kwa grainda mpaka kokoto zionekane, kisha nyonya vumbi kwa mashine. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi hurudisha vumbi upesi, kwa hiyo zungushia turubai. Gundisha kisahani cha chuma kwenye zege na ukivute. Kikiachia chini ya MPa 1.4, hesabu yote ya juu haina msingi, kwa sababu zege lenyewe litapasuka kwanza.

Changanya epoksi asubuhi, kidogo kidogo, kwani joto la mchana huifanya igande ndooni. Ncha za shiti zifungwe kwa vipande vinavyopanda pande zote mbili za bimu, kona zikiwa zimesagwa mviringo wa angalau milimita 13.

Epoksi ikikauka, gonga kwa sarafu shiti nzima. Mlio wa uwazi unaonyesha hewa ndani. Sehemu isiyofika milimita za mraba 1,300 inaweza kuachwa ikiwa ni chache. Ikizidi 16,000, ikate, ubandike kipande kipya juu yake. Zilizo katikati hudungwa epoksi.