Somo: Kuandika maoni ya ripoti yanayotaja udhaifu wa mtoto na kuonyesha hatua inayofuata

Kila muhula unapokaribia kufungwa, walimu wenzangu huniuliza swali lile lile: niandike nini kwenye nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa kwa mtoto ambaye hajafanya vizuri, bila kumvunja moyo na bila kumdanganya mzazi? Nimelijibu mara nyingi mno kwa simu na katika chumba cha walimu, kwa hiyo leo naliandika mara moja. Nafundisha Darasa la Nne, na mfano wangu nitautoa kwenye hisabati, katika kutoa kwa kukopa.

Hatua ya 1. Usiandike maoni kabla karatasi ya mtihani na daftari la mtoto havijawa mezani kwako.

Hatua ya 2. Tafuta kosa, usitafute alama. Alama tayari imeandikwa kwenye ripoti, na maoni yanayosema "matokeo yake si mazuri" yanamrudishia mzazi kitu alichokwisha kukisoma mistari miwili juu. Weka maswali aliyoyapata mtoto kando ya yale aliyoyakosa, kisha tazama kinachoyatofautisha. Mwanafunzi mmoja ninayemkumbuka aliandika kwamba 583 − 241 ni 342, na alikuwa sahihi. Katika 652 − 138 aliandika 526 badala ya 514, na katika 402 − 178 aliandika 376 badala ya 224. Nilimwita mezani nikamwomba alifanye swali hilo la mwisho kwa sauti. Aliweka kidole kwenye mamoja akasema, bila kusita hata kidogo, "Mbili utoe nane haitoki, kwa hiyo nane utoe mbili, sita." Hakuwa akibahatisha. Alikuwa na kanuni yake ya kutoa tarakimu ndogo katika kubwa, iwe juu au chini, na kanuni hiyo ilimpa jibu sahihi katika kila swali lisilohitaji kukopa.

Hatua ya 3. Anza na jambo moja analoliweza kweli, linalohusiana na udhaifu utakaoutaja. Kumsifu kwa usafi wa sare kabla ya kuzungumzia hisabati hakumsaidii mtu.

Hatua ya 4. Taja udhaifu kwa kitenzi, na ukipe kitenzi hicho "-ja-". Ukiandika "ni mzembe" au "ni mzito", umemhukumu mtoto mwenyewe, na hukumu hiyo haina mahali pa kuanzia kuirekebisha. Ukiandika "hajui kutoa", umesema zaidi ya unachokijua, maana 583 − 241 aliipata. Kiswahili kimetupa umbo linalobeba ukweli wote wawili: "hajajua kukopa kutoka makumi" inakiri kwamba jambo halipo leo, na papo hapo inaacha mlango wazi kwamba linatarajiwa. Hajaweza, hajazoea, hajatofautisha. Jihadhari pia na "lakini". Mzazi akisoma "anatoa vizuri, lakini…", sehemu ya kwanza humtoka kichwani. Weka nukta, kisha anza sentensi mpya.

Hatua ya 5. Andika hatua inayofuata kama kazi, si kama matumaini. Hapa ndipo nilipokosea, na aliyeumia ni mtoto yule yule niliyemtaja.

Kabla sijamwita mezani kwangu siku ile, nilikuwa nimemwandikia kwa mihula miwili mfululizo, "Aongeze bidii katika hisabati." Siku ya wazazi baba yake alikuja na kauntabuku, akaifungua mbele yangu. Kwa miezi kadhaa alikuwa amempa maswali 20 ya kutoa kila jioni, na mtoto alikuwa ameyafanya yote, kurasa kwa kurasa, kwa mwandiko safi. "Mwalimu," akasema, "bidii uliyoiagiza ni hii hapa." Niliangalia majibu. Kila swali lililohitaji kukopa lilikuwa limegeuzwa vile vile, nane utoe mbili, tisa utoe tatu, na hakuna aliyesahihisha. Baba alitii nilichoandika na mtoto alitii alichoagizwa na baba. Maneno yangu manne yalimfanya akomaze kosa kwa mamia ya maswali, na kumtoa kwenye kanuni ile kulinichukua muda mrefu kuliko ambavyo kungechukua mwanzoni mwa mwaka.

Kwa hiyo naonya kuhusu mambo matatu. La kwanza, usiandike "aongeze bidii", "ajitahidi" wala "anaweza zaidi" pasipo kusema bidii hiyo iende wapi. La pili, usiagize mazoezi ya nyumbani ambayo mtoto hawezi kujua kama amekosea. Bora maswali 3 yenye njia ya kuyahakiki kuliko 20 yasiyo nayo. Katika kutoa, njia ni rahisi: ajumlishe jibu lake na namba aliyoitoa, arudi kwenye namba ya juu. 376 + 178 ni 554, si 402, na hapo mtoto anajigundua mwenyewe kabla hujamwambia. La tatu, usimwachie mzazi kazi ya kufundisha. Mwalimu ni wewe. Andika utakachofanya wewe na lini utampima tena.

Hatua ya 6. Punguza maneno mpaka yaenee kwenye nafasi iliyopo, kisha yasome kwa sauti ukijiweka mahali pa mtoto.

Hivi ndivyo nilivyomwandikia hatimaye:

"Anatoa kwa usahihi namba zisizohitaji kukopa. Hajajua kukopa: tarakimu ya juu ikiwa ndogo, anaigeuza. Muhula ujao nitamfundisha kwa mafungu ya vijiti. Nyumbani afanye maswali 3 kwa siku na ahakiki kila jibu kwa kujumlisha. Nitampima wiki ya 4."

Hakuna neno lililofichwa hapo, na kila mtu anajua Jumatatu ataanza na nini.

Maswali ya wanachama

Mwalimu wa Zamu: Asante kwa somo. Naomba basi uniwekee maoni 50 yaliyo tayari, ya wanafunzi wa juu, wa kati na wa chini, ninakili tu.

Mwandishi: Sitaweka. Maoni ya kunakili ndiyo yaliyonifikisha kwenye kauntabuku ile. Soma hatua ya 2.

Mwalimu wa Kijijini: Shikamoo mwalimu. Darasa langu lina wanafunzi 87 na niko peke yangu. Njia hii naiona ni nzuri, ila nikimwita kila mmoja mezani sitamaliza ripoti kabla ya likizo. Wewe unafanyaje?

Mwandishi: Marahaba, ndugu yangu, swali lako ni la haki kabisa. Usimwite kila mmoja. Wakati wa kusahihisha, weka karatasi tupu pembeni na kila ukikutana na kosa jipya liandike kichwa cha habari, kisha chini yake andika namba za watoto wanaolifanya. Utashangaa jinsi makosa yanavyojirudia: katika kutoa, darasa langu kwa kawaida linaangukia kwenye makundi matano au sita tu. Kuna wanaogeuza tarakimu, wanaokopa na kusahau kupunguza walikokopa, wanaokwama penye sifuri, wasiopanga namba kwa nafasi zake, na wanaojua njia ila wanakosea hesabu ndogo. Mwite mtoto mmoja au wawili wa kila kundi wafanye kwa sauti. Sentensi ya udhaifu itafanana kwa kundi zima, na hilo si kosa, maana udhaifu wenyewe unafanana. Unachobadilisha ni analoliweza kila mmoja. Karatasi ile ile baadaye ni mpango wako wa mafunzo rekebishi, huhitaji kutengeneza mwingine.

Mwalimu wa Kijijini: Hao wanaokwama penye sifuri unawaandikiaje? Wangu wengi wanaijua 652 − 138 na kuikosa 402 − 178.

Mwandishi: Hao wamefika mbali kuliko wanaogeuza, na maoni yaoneshe hivyo. Andika: "Anakopa vizuri kutoka makumi. Hajaweza kukopa makumi yakiwa sifuri." Kisha hatua: kwa vijiti, fungua fungu moja la mia liwe makumi kumi, halafu fungua kumi moja liwe mamoja kumi. Kwa 402 atabaki na mamia 3, makumi 9 na mamoja 12, na kutoa 178 kunakuwa kwepesi. Visoda vinafaa pia, ila vijiti vinafungika kwa uzi, na mtoto akifungua uzi kwa mkono wake haelezwi tena maana ya kukopa.

Mkweli Daima: Haya ni kupamba maneno. Mtoto amefeli, mwambie mzazi amefeli. Mnawalea watoto kama mayai.

Mwandishi: Alama yake ya 19 kati ya 50 haikufutwa, iko juu ya maoni, kwa wino. Nami nimeandika "hajajua kukopa", jambo ambalo neno "amefeli" haliwezi kumwambia mzazi. Nioneshe palipopambwa.

Mkweli Daima: Sawa, lakini mtoro je? Huyo hana kosa la kukopa, hayupo darasani.

Mwandishi: Kwa mtoro tumia daftari la mahudhurio. "Amekosa siku 23 muhula huu, nyingi zikiwa Ijumaa" ni kauli kali kuliko "ni mtoro sugu", na inamfanya mzazi ajiulize Ijumaa kuna nini. Kwangu ilikuwa siku ya gulio, na mtoto alikuwa akibaki kulea wadogo zake. Hatua inayofuata ikawa mazungumzo na mama.

Bibi Mwalimu: Mimi nimestaafu, ila wajukuu zangu huniletea ripoti niwasomee. Wazazi wengi kwetu hawasomi vizuri, na mara nyingi mtoto mwenyewe ndiye anayeisoma ripoti yake mbele ya watu. Umelifikiria hilo?

Mwandishi: Ndiyo, mama, na ndiyo sababu ya hatua ya 6, ingawa nimeipita kwa haraka. Ukijua kwamba mtoto atasoma maneno yako kwa kinywa chake sebuleni, wajomba wakisikiliza, huwezi kuandika "mzito wa kuelewa". Wapo pia wanaoruka mstari wa udhaifu wanaposoma, kwa hiyo kwa familia hizo mimi humweleza mzazi kwa mdomo siku ya wazazi na kumwonesha swali moja kwenye daftari. Asiyejua kusoma huweza kabisa kuhesabu vijiti.

Bibi Mwalimu: Na Kiswahili? Mjukuu wangu wa Darasa la Tatu anasoma kama redio, ukimuuliza alichosoma hajui. Ripoti inasema "anasoma vizuri sana".

Mwandishi: Aliyeandika hivyo amepima sauti tu. Ningeandika: "Anatamka maneno kwa usahihi na bila kusita. Hajazoea kufuata maana. Nyumbani asome aya moja, afunike kitabu, aeleze nani alifanya nini na kwa nini." Swali la "kwa nini" liwe la mwisho, kwa sababu "nani" anaweza kulijibu kwa kukumbuka jina tu. Akikwama, asome tena aya hiyo hiyo kabla ya kwenda mbele. Ukianza naye jioni hii, mama, chagua aya fupi ya mistari minne au mitano.