Kidonge cha kifafa kikisahaulika au kikitapikwa: fanya hivi

Mfano wetu ni mtoto wa darasa la tatu anayemeza vidonge 2 vya fenobabitoni vya miligramu 30 kila siku saa 2 usiku. Jana alilala mapema na hakuna anayekumbuka kama alimeza. Ikiwa daktari wako amekuandikia utaratibu tofauti na huu, fuata wake.

Kwanza, hesabu vidonge. Usimpe dawa kwa kukisia, maana huenda baba alishampa. Kama mlipokea vidonge 60 na kuanza tarehe 1 usiku, asubuhi ya tarehe 11 zimeshapita dozi 10, kwa hiyo vibaki 40. Vikiwa 42, kuna usiku mmoja uliorukwa, ila hesabu haisemi ni upi. Ndiyo maana tunasisitiza kuweka alama kwenye kalenda kila mtoto anapomeza, mbele ya macho yako. Ukibaki na shaka, usimpe. Subiri dozi ya usiku.

Pili, angalia saa. Dawa ya mara moja kwa siku ina nafasi ya kufidiwa ya saa 12 tangu muda wake wa kumezwa. Ukigundua saa 1 asubuhi, zimepita saa 11: mpe vidonge vyake 2, halafu vya leo umpe saa 2 usiku kama kawaida. Mwambie mwalimu kwamba huenda atasinzia darasani. Ukigundua saa 4 asubuhi, muda umepita. Acha, apate dozi ya usiku peke yake, vidonge 2 na si 4.

Wazazi wengi huogopa kuiacha ile iliyopotea. Fenobabitoni hutoka mwilini polepole, inachukua siku kadhaa kupungua nusu, kwa hiyo usiku mmoja haumalizi kinga yote. Dozi mbili kwa pamoja ndizo hatari: mtoto anaweza kulewa dawa, akayumba, akasinzia kupita kiasi, hata kupumua kwa shida. Lakini akikosa siku 2 au zaidi, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Fenobabitoni ikikatika ghafla inaweza kuleta degedege mfululizo.

Kwa kabamazepini au valproeti za asubuhi na jioni, nafasi ni fupi: saa 4 tu. Iliyokuwa ya saa 12 asubuhi hutolewa hadi saa 4 asubuhi; baada ya hapo subiri ya jioni.

Akitapika, kinachoamua ni dakika 30. Amemeza saa 2:00 na kutapika saa 2:20: rudia dozi ileile, tumbo likitulia. Ametapika saa 2:45: usirudie, dawa imeshaanza kuingia mwilini. Akiitapika na ile ya kurudia, usimpe ya tatu. Piga simu hospitali. Mtoto mwenye homa anayetapika kila kitu apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu homa na dawa kukosekana kwa pamoja humwangusha haraka.

Kuna kutapika kwa namna nyingine. Akitapika huku anayumba, anaona vitu viwiliviwili, amelegea sana au macho yamekuwa ya manjano, usirudie dozi kabisa. Huenda dawa imezidi au inadhuru ini. Mpeleke hospitali na kibahasha cha dawa mkononi.

Shuleni. Dawa ya usiku, au ya asubuhi na jioni, haina sababu ya kwenda shule. Isiwekwe kwenye begi la mtoto, watoto hugawiana. Mpe mwalimu wa darasa karatasi yenye jina la dawa, miligramu, saa za kumeza na namba mbili za simu.

Mwalimu asifidie dozi iliyosahaulika kwa uamuzi wake. Mzazi aliyekumbuka saa 3 asubuhi anapeleka kabamazepini mwenyewe, mtoto anameza na maji mbele ya mtu mzima, na saa inaandikwa. Akitapika ndani ya dakika 30, mwalimu ampigie mzazi. Kidonge cha mwanafunzi mwingine mwenye kifafa hakiazimwi, hata kikifanana rangi. Bwenini, dawa zote zikae kwa matroni na daftari la sahihi, na idadi ihesabiwe kila Jumapili.

Mtoto akianguka kifafa siku aliyokosa dawa, msimtie kidonge, kijiko wala maji mdomoni, atapaliwa. Mlazeni kwa ubavu, wekeni sweta chini ya kichwa, tazameni saa. Povu lake haliambukizi kifafa, kwa hiyo msimkimbie. Degedege likifika dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, ni hospitali mara moja. Likiisha mapema, mwacheni apumzike mkimwangalia, na asipewe kidonge chochote mpaka awe macho kabisa na aweze kumeza maji bila kukohoa.