Kusoma msimbopau kwenye picha: tarakimu za chini usiziamini

Shemeji yangu ana duka la vipodozi Mbeya. Juzi kanitumia picha za lebo anazobandika kwenye bidhaa anazopima mwenyewe. Nusu alishaziingiza kwa programu ya kunakili maandishi kutoka kwenye picha, na sasa mafuta ya nazi kila akiyapitisha kaunta mashine inasema hayapo.

1. Picha. Mwambie akutumie kama dokumenti ili isibanwe. Ukiikata, bakiza weupe wa kushoto na kulia kwa mistari; bila huo programu haijui msimbo unaanzia wapi. Ikiwa imelala mshazari, inyooshe.

2. Soma mistari. Mimi natumia zbar tu. Programu za simu zilizojaa matangazo sina hamu nazo.

```
sudo apt install zbar-tools
zbarimg lebo.jpg
```

Ikajibu:

```
EAN-13:2001780428167
```

Msimbo wa QR nao unasomwa kwa amri hiyohiyo.

3. Linganisha na alichoingiza. Hapa ndipo jioni yangu ilipoishia. Yeye alikuwa na 2001730423167. Tazama vizuri: kila 8 imegeuka 3. Wino wa lebo ulififia upande wa kushoto, na 8 iliyofutika kushoto ni 3.

Nilijiuliza mbona tarakimu ya mwisho, ile ya ukaguzi, haikumshtua. Piga hesabu. Ukiacha hiyo ya mwisho, jumlisha zilizo nafasi za witiri: 2+0+7+0+2+1 ni 12. Za shufwa, 0+1+8+4+8+6, ni 27. Zidisha kwa 3 upate 81. Jumla 93, inapungua 7 kufika 100, na 7 ndiyo tarakimu ya mwisho. Sasa weka 3 badala ya 8 zote mbili: 12 na 51 ni 63, inapungua 7 kufika 70. Imepita! Ingekosewa moja tu, jumla ingekuwa 78 na ukaguzi ungetaka 2. Tofauti ya 8 na 3 ni 5, na hata ukiizidisha kwa 3 unapata 15, inayoishia na 5 vilevile. Kwa hiyo makosa mawili ya aina hii hufutana, yawe nafasi yoyote.

Angalia pia tarakimu ya kwanza. Imechapwa nje ya mistari, hivyo hukatwa kirahisi. Zbar huitambua kwa mpangilio wa mistari ya nusu ya kushoto. Na ile mistari mirefu inayoshuka katikati ya tarakimu, programu ya maandishi huweza kuisoma kama 1.

4. Mistari ikigoma. Piga picha upya, bila mwanga kung'aa juu ya nailoni. Ikigoma tena, mmoja asome tarakimu kwa sauti kutoka kwenye lebo yenyewe, mwingine aandike, na kila 3 muitazame kwa karibu upande wa kushoto.